Kabla hujavunja mkataba wa lori, jua sharti lililokiukwa ni la aina gani

Dereva alinipigia saa kumi na moja alfajiri akiwa Maungu. Giaboksi imekufa, mafuta yanavuja barabarani, na juu ya lori kuna magunia ya unga yanayosubiriwa Taveta. Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki kumi. Kufikia mchana nilikuwa nimeshaamua: mkataba huu nauvunja leo. Nilimwandikia mwenye lori ujumbe wa mistari minne, nikamwambia aje alichukue lori lake na kwamba hatudaiani tena.

Ujumbe ule ulinigharimu shilingi 300,000. Lori kweli lilikuwa bovu na mzee yule kweli alikuwa amekiuka mkataba. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza sharti alilolikiuka lilikuwa la aina gani, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama una haki ya kuvunja mkataba au una haki ya kudai fidia tu.

Mkataba wetu ulikuwa wa miezi 12, kodi shilingi 180,000 kwa mwezi, lori la kusambaza unga kutoka Mombasa kwenda Voi, Taveta na Wundanyi. Kipengele cha nne kilisema: "Mwenye gari atalikabidhi likiwa katika hali nzuri ya kutembea na atalidumisha hivyo muda wote wa mkataba." Mimi nilikisoma hivi: siku lisipotembea, mkataba umekwisha. Wakili niliyemwendea baada ya kupokea barua ya madai alikisoma mara mbili, kisha akaniuliza lori lilisimama siku ngapi kati ya siku zote. Nilidhani anapoteza muda.

Kumbe swali lake ndilo lililokuwa kesi yenyewe. Sheria yetu ya Mikataba hapa Kenya, Sura ya 23, katika kifungu cha 2 inaelekeza kwamba mikataba iongozwe na sheria ya Uingereza ile inayotokana na hukumu za mahakama. Kwa hiyo hukumu za kule kuhusu aina za masharti zinatugusa moja kwa moja. Na kule masharti yamegawanywa mafungu matatu.

La kwanza ni sharti la msingi. Hili likikiukwa, hata kwa kiasi kidogo, aliyekosewa anaweza kuvunja mkataba papo hapo na kudai fidia juu yake. La pili wanaliita dhamana, na usilichanganye na waranti ya simu au friji dukani. Dhamana ni ahadi ya pembeni, na ikikiukwa unadai fidia huku mkataba ukiendelea. Mfano wanaopenda kuutoa ni wa waimbaji wawili wa opera, kesi zote za mwaka 1876. Poussard aliugua akakosa maonyesho ya kwanza kabisa, na mahakama ikasema mwajiri alikuwa na haki ya kumwachisha. Bettini alichelewa mazoezi lakini akawahi kabla ya maonyesho kuanza. Huyo hakustahili kuachishwa, kwa sababu mazoezi yalikuwa dhamana tu.

Fungu la tatu ndilo lililoniangusha: sharti lisilo na jina. Hili huwezi kulipa cheo siku ya kutia saini. Unangoja likiukwe, kisha unatazama madhara. Kama madhara yamekunyang'anya karibu faida yote uliyoitarajia kwenye mkataba, unaruhusiwa kuvunja. Kama hayajafika hapo, unalipwa fidia na unaendelea.

Wakili alinisimulia kesi ya meli iitwayo Hongkong Fir, nami nikaona habari yangu ndani yake. Meli ilikodishwa kwa miezi 24 na kukabidhiwa Liverpool mwezi Februari 1957. Mkataba ulisema iwe inafaa kwa safari kwa kila namna. Injini zilikuwa kuukuu, na mabaharia wa chumba cha injini walikuwa wachache na wasiojua kazi. Ilivyofika Osaka ilikuwa imeshasimama njiani wiki kadhaa, na huko ikakaa wiki 15 kwenye matengenezo. Wakati huo huo kodi za meli sokoni zilianguka vibaya. Waliokodi wakavunja mkataba. Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba wenye meli walikuwa wamekiuka ahadi yao, lakini ikawapa ushindi wao. Jaji Diplock alieleza kwamba sharti la meli kufaa kwa safari linaweza kukiukwa na kasoro ndogo inayotengenezeka haraka, au na jambo kubwa la kuizamisha, hivyo haliwezi kupewa jina moja mapema. Kilichopimwa ni hiki: baada ya matengenezo ilibaki karibu miezi 17 ya kuitumia meli nzima. Faida ya mkataba ilikuwa bado ipo.

Sasa weka lori langu mahali pa meli. Lilisimama jumla ya siku 19 katika miezi mitatu ya kwanza. Kila mara mzee alileta fundi na kulipa mwenyewe, wala hakuwahi kusema hatatengeneza. Ilibaki miezi tisa. Na kama ilivyokuwa kwa wale wa meli, kodi ya malori ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimeshaambiwa kuna jingine kwa 140,000, na ujumbe wa kuulizia lori hilo ulikuwa kwenye simu yangu wa tarehe ya kabla ya ile giaboksi. Wakili alisema wazi kwamba hakimu akiuona atauliza nilikimbia ubovu au nilikimbilia bei.

Hapo ndipo nilipofahamu hatari yenyewe. Ukivunja mkataba kwa kosa ambalo halikupi haki ya kuvunja, wewe ndiye unayekuwa mkosaji mkubwa. Mzee alikaa mwezi mmoja bila mteja, akapata mwingine kwa 140,000. Hasara yake ikahesabiwa hivi: mwezi mzima wa 180,000, na tofauti ya 40,000 kwa miezi minane iliyosalia, yaani 320,000. Jumla 500,000. Upande wangu nilikuwa na madai halali pia. Siku 19 za kodi nilizolipia bure, kwa 6,000 kwa siku, ni 114,000. Siku 12 kati ya hizo nilikodi lori jingine kwa 11,000, na kwa kuwa ile 6,000 nimeshaihesabu, nyongeza ni 5,000 kwa siku, yaani 60,000. Ukitoa 174,000 kwenye 500,000 inabaki 326,000. Tulimalizana nje ya mahakama kwa 300,000. Laiti ningeendelea na mkataba na kudai fidia yangu, mzee ndiye angenilipa mimi.

Basi ukikutwa na hali kama hiyo, fuata mwendo alionifundisha wakili. Tazama kwanza kama sheria yenyewe imeshalipa sharti hilo jina. Katika kununua bidhaa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, vifungu vya 15 hadi 17, inayaita masharti ya msingi yale yanayohusu bidhaa kulingana na maelezo, ubora wake na kulingana na sampuli. Ukiletewa mahindi meupe badala ya manjano uliyoagiza, unayakataa bila kuhesabu madhara. Lakini ukishayapokea na kuanza kuyasaga, haki ya kukataa kwa kawaida imekwenda, na kilichobaki ni fidia. Kama sheria imenyamaza, tazama mkataba wenyewe unasema nini. Muda, kwa mfano, mara nyingi huchukuliwa kuwa wa msingi katika biashara, kwa sababu mwenzako mwingine amepanga mambo yake juu ya tarehe hiyo. Kama mkataba nao umenyamaza, rudi kwenye madhara: umepoteza kiasi gani, na kimebaki kiasi gani? Wenzetu wa Tanzania wana Sheria ya Mikataba yao, Sura ya 345, iliyoandikwa kwa vifungu, na kwa mambo ya muda waanzie kifungu cha 55.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaoandika mikataba kwa Kiswahili. Kwetu kila kitu ni "sharti". Tunaweka kichwa MASHARTI YA MKATABA, kisha chini yake tunaorodhesha kuanzia malipo mpaka rangi ya turubai. Mtu asidhani kwamba neno hilo linafanya kila mstari kuwa sharti la msingi. Katika kesi ya Schuler na Wickman, Bunge la Malodi la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa kule, lilikutana na kipengele kilichoitwa sharti la msingi kwa jina kabisa: wakala awatembelee wateja sita kila wiki kwa miaka minne na nusu. Waamuzi wengi walikataa kwamba kukosa ziara moja tu kungeweza kuua mkataba mzima, kwa sababu hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu angekusudia hivyo. Ukitaka sharti liwe la msingi, andika matokeo yake waziwazi.

Mkataba wangu wa sasa unasema hivi: "Lori likishindwa kufanya kazi siku 10 mfululizo, au jumla ya siku 20 ndani ya miezi mitatu yoyote, aliyelikodi ana haki ya kuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi ya siku mbili. Likisimama pungufu ya hapo, kodi ya siku hizo haitalipwa, na tofauti ya gharama ya lori mbadala italipwa na mwenye lori." Mwenye lori alivutana nami kuhusu zile siku 20, yeye akitaka 30. Ni vizuri mvutano huo ukatokea mezani kabla ya saini.

Pamoja na hilo naweka daftari ndani ya lori. Dereva anaandika tarehe, saa, mahali liliposimama, fundi gani amekuja na saa lilipowaka tena. Na kila likisimama namwandikia mwenye lori siku hiyo hiyo kwamba nalipokea likitengenezwa lakini sijasamehe madai yangu. Mstari huo ni muhimu, kwa sababu ukiendelea kutumia na kulipa kimya kimya, kesho ataambiwa hakimu kwamba uliridhika.

Mwezi uliopita lori hili jipya lilikatika propela karibu na Mackinnon Road, likakaa siku sita. Nilifungua daftari, nikahesabu, nikamtumia mwenye lori picha ya ukurasa ule. Kodi ya mwezi nilimpa pungufu kwa siku sita. Alinipigia, akasema, "Sawa mwanangu, nimeona," na Jumatatu lori likapakia unga wa Wundanyi.