Ovataimu na PAYE

"Nikivuka milioni kwa ovataimu, si mshahara wote unakatwa asilimia 30?"

Hapana, ni kile kilichozidi milioni tu. Nimeandaa mishahara Dar miaka kadhaa. Tuseme baada ya NSSF unabaki na 950,000, ovataimu ikaongeza 150,000. Katika hiyo nyongeza, 50,000 inakatwa asilimia 25, yaani 12,500, na 100,000 iliyobaki inakatwa 30,000. Unaondoka na 107,500 zaidi. Bonasi ni vilevile. Mshahara wa 13 ndio unaouma: ukilipwa pamoja na wa Desemba, karibu wote unaangukia kwenye 30.

— Kwa hiyo bora nikatae ovataimu?

Ukatae 107,500, mzee?

— Mimi nilikatwa 30 hata ile ya chini.

Basi mhasibu wenu kakosea, mpelekee slipu.