Suti mpya ya mume, mkono na nywele za mke

Ninyi mnaoanza kazi ya kuhariri picha studioni, kuna oda moja mtaipokea mapema: picha ya mume na mke, mume kavaa shati la kawaida, na wanataka avishwe suti. Kupata suti si kazi. Shida ni mkono wa mke uliopita kifuani mwa mume, na nywele zake zilizolala begani. Oda yangu ya kwanza ya aina hii niliizungushia nywele kwa kifutio. Mteja alipoiona picha aliniuliza kwa nini nimemnyoa mke wake, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Nitawaeleza picha moja niliyoifanya kwenye Photoshop. Mume alivaa shati jekundu na alitaka suti ya rangi ya krimu. Mke ana nywele nyeusi, kaziachia.

Picha halisi iacheni chini kabisa, msiiguse. Suti ikae kwenye leya ya juu yake, na vyote vya mke vinavyopita mbele ya suti virudishwe juu ya suti hiyo. Chagueni suti iliyopigwa picha kwa mwanga wa upande uleule. Tazameni kivuli cha pua ya mume, kitawaonyesha mwanga unatoka wapi.

Nywele hazikatwi, zinachukuliwa kwa mwanga wake. Ficheni kwanza leya ya suti na mchague leya ya picha halisi, kisha fungueni Channels mbofye Red. Humo shati jekundu linaonekana jeupe-jeupe huku nywele zikibaki nyeusi, ndiyo maana kwa shati hili nilichagua Red na si Blue. Bonyezeni Ctrl+A, kisha Ctrl+C, rudini RGB, halafu Ctrl+V. Mtapata leya ya kijivu. Rudisheni suti ionekane, leya hii ya kijivu iwekeni juu ya suti na mbadili hali yake kuwa Multiply. Sasa fungueni Levels kwa Ctrl+L, mvute kitelezi cheupe cha kulia kuelekea kushoto hadi shati lipotee kabisa. Kwenye Multiply cheupe hakionekani, kwa hiyo kinachobaki juu ya suti ni nywele tu, unywele mmoja mmoja. Tena kwa kuwa leya ni ya kijivu, ule wekundu wa shati uliokuwa umeng'ang'ania ncha za nywele haupo tena. Mikunjo ya shati iliyobaki kama madoa ipakeni brashi nyeupe laini, mkikwepa nywele.

Leya hiyo iwekeeni maski ionekane begani tu, la sivyo itautia giza uso wa mke. Na ukingo wa suti uishie ndani ya nywele nzito, pale penye weusi mtupu, usionekane.

Mkono ni habari nyingine. Ngozi ina ukingo safi, kwa hiyo tumieni Pen Tool. Pitisheni mstari pikseli moja ndani ya ngozi, si juu ya ukingo wenyewe, kwa sababu pikseli ya ukingo imeshachanganyika na wekundu wa shati. Geuzeni mstari huo kuwa uteuzi kwa Ctrl+Enter, lainisheni kwa Feather ya 0.5, kisha mnakili mkono kutoka picha halisi kwa Ctrl+J na kuupandisha juu ya vyote. Chini ya mkono mtaona ngozi ina wekundu: ni mwanga uliogonga shati ukarudi. Mkiuacha, jicho litajua kuna shati jekundu mahali fulani. Ongezeni leya iliyobanwa kwenye mkono, hali yake Color, mpake kidogo rangi ya ngozi iliyochukuliwa juu ya mkono huohuo.

Halafu kivuli. Hapa ndipo picha nyingi za wanaoanza hufeli, kwa kuwa kivuli cha mkono kilikuwa kwenye shati na kimefunikwa pamoja nalo, mkono ukabaki unaelea. Kati ya suti na mkono wekeni leya ya Multiply, mchore vivuli viwili kwa kahawia iliyoiva: kimoja chembamba na kizito pale ngozi inapogusa kitambaa na katikati ya vidole, kingine kipana na hafifu kikielekea upande usio na mwanga.

Kabla ya kumwita mteja, nakilini picha halisi, nakala iwe juu ya vyote, muiweke Difference. Uso na gauni la mke lazima viwe vyeusi tii. Doa lolote lenye mwanga hapo ni mahali mlipomgusa bila kujua.

Njia hii inataka shati la zamani liwe na mwanga kuliko nywele walau kwenye chaneli moja. Shati likiwa jeusi na nywele nyeusi, hakuna chaneli itakayozitenganisha. Hapo mwambieni mteja kabla ya kupokea malipo kwamba nywele za begani zitachorwa kwa brashi ya pikseli mbili, au alete picha nyingine.