Kialama cheusi kwenye lebo si kosa, tazama pindo la kifuniko

*"Daktari, nina chupa mbili za oksitetrasaiklini asilimia 20, za mililita 100. Moja nilinunua agroveti ya hapa Njoro, nyingine niliuziwa na kijana aliyeileta kwa pikipiki. Zina jina moja na namba moja ya bechi. Ile ya pili ina kialama cheusi ukingoni mwa lebo, maandishi mekundu yana kivuli cha buluu, na kitako cha kioo kina kiputo na namba tofauti na ya kwanza. Nimekutumia picha za zote mbili. Hiyo ya pili ni feki? Ng'ombe wangu ana ndigana baridi." – Mama mfugaji, Njoro*

Mama, hiyo ya pili usiidunge. Lakini sababu yangu haimo katika zile tatu ulizozitaja. Hizo zote zina maelezo ya kawaida. Kilichonisimamisha ni picha yako ya nne, ile uliyopiga shingo ya chupa kwa upande bila kuisemea neno.

Nianze na kialama cheusi. Alama za rejista ni misalaba midogo ambayo mpiga chapa huiweka nje ya mstari wa kukatia, ili aone kama wino zote zinaangukia mahali pamoja. Lebo ikishakatwa, misalaba hiyo hubaki kwenye taka. Ulichokiona wewe ni mstatili mdogo uliojaa wino, ukingoni mwa lebo. Huo ni wa mashine: jicho la taa kwenye mtambo wa kubandika huusoma ili lijue lebo moja imeishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwenye chupa ya kwanza upo pia, ila lebo yake imepishana kidogo zaidi mwishoni na kuufunika. Ukiinua kona hiyo kwenye mwanga wa dirisha utauona chini ya karatasi.

Kivuli cha buluu kilinichukua muda zaidi, kwa sababu wino zisizolingana kweli ni dalili ya uchapaji wa haraka. Nyekundu kali kama hiyo, ikichapwa kwa wino nne za kawaida, hutokana na majenta na njano. Zikikosa kulingana, utaona utepe wa waridi upande mmoja wa herufi na utepe wa njano upande wa pili. Buluu haiwezi kutokea hapo, maana wino wa buluu haumo. Tena kivuli kilekile kiko kwenye maandishi meusi madogo ya maelekezo, ambayo huchapwa kwa wino mmoja peke yake. Wino mmoja hauna mwenzake wa kukosana naye. Mwisho nikatazama kinaangukia wapi: kwenye herufi za kushoto mwa picha kiko kushoto, na kwenye za kulia kiko kulia, kana kwamba kinakimbia katikati. Hiyo ni lenzi ya simu, iliyosogezwa karibu mno. Ukitaka kuhakikisha, igeuze chupa kichwa chini upige tena. Kosa la uchapaji litageuka pamoja na lebo. Kosa la lenzi litabaki pale pale kwenye picha.

Kuna jambo moja la lebo ambalo ningelipa uzito kama ningelikuta. Lebo iliyoigwa kwa kuskani ile halali na kuichapa upya hupoteza weusi wa maandishi madogo. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia mara 10, herufi inakuwa rundo la vidoti vya rangi, na kingo zake zinafifia. Kwenye picha zako herufi ni nyeusi tupu na kingo zimekatika sawasawa. Kwa maoni yangu lebo ya chupa ya pili ni halali.

Na kioo pia ni halali. Chupa za ukubwa huu kwa kawaida hufinyangwa kwenye kalibu, na mtambo mmoja unakuwa na kalibu nyingi zinazofanya kazi pamoja. Kila kalibu ina namba yake, inayobaki kitakoni, ili chupa zikianza kutoka na kasoro mafundi wajue ni kalibu ipi ya kurekebisha. Kwa hiyo chupa mbili za bechi moja ya dawa zinaweza kuwa na namba tofauti bila ubaya wowote. Kiputo kidogo kilichozibwa ndani ya unene wa kioo ni kitu cha kawaida pia. Kiputo kibaya ni kilichopasukia ndani, au kijiti cha kioo kinachokatiza ndani ya chupa, kwa sababu hivyo vinaweza kuvunjikia kwenye dawa.

Ila kioo chako kinasema kitu kingine ambacho hukukiuliza. Unaijua chupa ya soda iliyorudishwa kiwandani mara nyingi, ilivyo na mkanda mweupe uliokwaruzika mabegani na karibu na kitako? Chupa yako ya pili ina mkanda kama huo, hafifu, na ya kwanza haina. Peke yake ningeuacha, kwani katoni ikisafirishwa bila vigawanyo kwenye barabara mbovu chupa husuguana. Lakini haukuwa peke yake.

Sasa turudi kwenye picha ya nne. Kabla sijarudi Nakuru nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye laini ya kujaza dawa za sindano, na sehemu iliyonifunza kushuku ilikuwa mtambo wa kufunga. Kizibo cha mpira kikishaingia, kofia ya alumini huwekwa juu yake. Mtambo unaikandamiza toka juu ili mpira ubonyee, kisha chupa inazungushwa huku gurudumu dogo likipita chini ya mdomo wa shingo na kuikunja alumini kuelekea ndani. Kwa kuwa gurudumu linazunguka kote, pindo linatoka laini, lenye upana mmoja, kama pindo la shuka iliyoshonwa kwa cherehani. Ndivyo ilivyo chupa yako ya kwanza.

Koleo la mkono linafanya vingine. Meno yake hufunga yote kwa wakati mmoja, na alumini iliyozidi inakosa pa kwenda, ikajikunja kati ya jino na jino. Pindo linabaki na sehemu bapa zinazofuatana na vikunjo vilivyopangana kwa nafasi sawa. Kwenye chupa ya pili nimehesabu vikunjo 6 katika upande unaoonekana, na pindo limeinama: upande mmoja limekaa chini ya mdomo wa shingo, upande wa pili limeparamia kidogo.

Alama za meno si ushahidi wa wizi kila zinapoonekana. Vipo viwanda vidogo vinavyofunga kwa koleo, na hata mitambo mikubwa mingine hutumia meno badala ya gurudumu. Nguvu ya ushahidi wako ni kwamba unazo chupa mbili za bechi moja. Bechi moja hupita kwenye laini moja. Vichwa vya mtambo mmoja vinaweza kutofautiana kidogo, lakini havitatoa pindo la gurudumu kwenye chupa moja na pindo la koleo kwenye nyingine. Moja kati ya hizi ilifungwa mahali pengine, na ile yenye mkanda wa mikwaruzo ndiyo hiyo hiyo yenye vikunjo.

Naamini chupa hiyo ni ya kiwanda kweli, ikatumika ikaisha, ikaokotwa na lebo yake nzima, ikajazwa tena na kufungwa kwa kofia mpya. Ndiyo maana namba ya bechi inalingana na ya agroveti ya kwenu: yawezekana iliuzwa papo hapo Njoro mara ya kwanza. Kwa hiyo kumpigia mtengenezaji na kumsomea namba hakutakusaidia, atakujibu kwamba bechi ipo. Muulize anafungaje vifuniko vyake, umtumie picha ya pindo.

Kilichomo ndani picha haiwezi kukisema. Oksitetrasaiklini yenyewe ina rangi ya manjano hadi kahawia, na chupa ni ya kahawia ili mwanga usiiharibu, kwa hiyo dawa dhaifu na dawa kamili zinafanana kabisa ukizitazama kwa nje. Fikiria mtu aliyejaza ya asilimia 10 ndani ya chupa ya asilimia 20. Ng'ombe wa kilo 400, kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 10, anadungwa mililita 40. Dawa halali itampa miligramu 8,000. Hiyo nyingine itampa 4,000, na wewe utadhani ndigana imekuwa sugu. Kama aliongeza maji ya mtungi, utaongeza na jipu pale ulipodunga.

Naomba picha nne zaidi kabla hujaipeleka popote. Zima fleshi, maana alumini iking'aa vikunjo vinapotea. Simama kando ya dirisha, mwanga uje kwa ubavu, simu iwe umbali wa sentimita 20 hivi na ukuze picha mara 2 badala ya kusogea. Piga pindo kutoka chini kwenda juu, ukiizungusha chupa robo kwa robo. WhatsApp hubana picha na kuchafua rangi kwenye kingo, kwa hiyo zitume kupitia `Document`, zifike kama zilivyo.

Ukimaliza, shika chupa kwa mkono mmoja na ujaribu kuzungusha kofia kwa vidole vitatu, taratibu. Iliyofungwa vizuri haisogei. Ikizunguka, andika hivyo na uache hapo, usiing'oe. Kizibo kilicho chini yake huenda kina tundu za sindano za mwenye chupa wa kwanza, na ni afadhali zikutwe na mkaguzi kuliko wewe. Itie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na risiti, au kama hukupewa risiti, ujumbe wa malipo wa simu wenye namba ya huyo kijana. Ofisi ya mifugo ya kaunti hapo Nakuru itapokea, na ripoti iende pia kwa VMD, Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, ambao ndio wenye kusajili dawa hizi na wanaweza kuagiza ipimwe maabara.

Chupa ya kwanza sioni la kuitilia shaka kwenye picha. Mwite daktari wa mifugo wa karibu aje leo na aidunge hiyo, na umwonyeshe ya pili kabla hajaondoka. Kama ulikuwa umeshamdunga ng'ombe kutoka chupa ya pili, mwambie saa na kiasi, kwa sababu ataamua matibabu kama kwamba hakupata kipimo kamili, na siku za kuzuia maziwa utazihesabu kuanzia sindano ya mwisho.