Re: Deni la dagaa limehamishwa, naweza kurudi kwa wa kwanza?

"Nilimuuzia mtu dagaa wa 1,200,000 hapa Ujiji, akanihamishia kwa mwenye duka ambaye yeye anamdai, nikakubali. Mwenye duka kafilisika. Naweza kurudi kwa yule wa kwanza?"

Salaam mkuu. Kwa fiqhi ya Kishafii, ambayo wengi wetu huku ndo tunaifuata, jibu ni hapana, maana hawala ikishatimia deni linahama moja kwa moja, aliyekuhamisha kashatoka na kufilisika kwa mwenye duka ni mzigo wako.

Ila kwanza kumbukeni maneno mliyoongea siku ile. Kama mwenye duka alisema tu "nimelidhamini deni lake" hiyo ni dhamana, deni halijahama, unaweza kumdai yeyote kati yao, na mdhamini akilipa kwa ruhusa ya mdaiwa anarudishiwa chake.

Pili, muulize mwenye duka kama kweli alikuwa anadaiwa 1,200,000 na huyo mteja wako, na muda wa kulipa ulishafika kama wa kwako. Kama hakuwa anadaiwa kitu basi kwa Kishafii hiyo hawala haijasimama, rudi kwa mteja wako bila aibu.

Madhehebu mengine yana nafasi kidogo, Wahanafi wanakuruhusu kurudi mwenye duka akifa amefilisika, au akikana kwa kiapo na huna ushahidi, na Wamaliki kama mteja alijua jamaa hana kitu akakuficha. Hiyo ya kuficha ndo ningeichimba, waulize majirani wa duka lilianza kuyumba lini, halafu mwende wote watatu kwa kadhi.