Mchoro wa Nishati: Andika Hatua Kwanza, Ndipo Uchore Vilele

Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha sita aliyeko Kasulu aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Nimechora mchoro wa nishati wa kuvunjika kwa hidrojeni peroksaidi, lakini sehemu ya kichocheo sikupata alama hata moja. Nimekosea wapi?" Nilimwitikia marahaba, kisha nikaitazama picha aliyoambatanisha. Alikuwa amechora mistari miwili iliyopinda, kila mmoja ukiwa na kilele kimoja, na ule wa kichocheo ulikuwa umeishia chini kuliko mwenzake. Nafundisha kemia hapa Kigoma mjini, na mchoro wa namna hiyo hunifikia kila muhula.

Ushauri wangu ni mmoja: andika hatua za mmenyuko kabla ya kugusa mhimili wowote. Hidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa katika duka la dawa, huvunjika yenyewe polepole mno. Ukitia potasiamu iodaidi, ioni za iodaidi hushiriki katika hatua mbili:

H₂O₂ + I⁻ → H₂O + IO⁻ (ya polepole)
H₂O₂ + IO⁻ → H₂O + O₂ + I⁻ (ya haraka)

Soma mistari hiyo kwa makini. I⁻ inaingia mwanzoni na kutoka mwishoni ikiwa nzima, kwa hiyo ndiyo kichocheo. IO⁻ inazaliwa katika hatua ya kwanza na kuliwa katika ya pili, kwa hiyo ndiyo zao la kati. Hatua ni mbili, basi vilele ni viwili, na zao la kati linakaa katika bonde lililo kati yake. Juu ya kilele hakuna zao la kati. Pale pana hali ya mpito, ambamo vifungo vya zamani vinakatika huku vipya vikijengeka, na hali hiyo haidumu kiasi cha kuweza kutengwa. IO⁻ ni ioni kamili yenye vifungo vyake, ingawa maisha yake ni mafupi.

Katika semina moja ya walimu, mwezeshaji aliniambia mbele ya wenzangu kwamba bonde hilo ni mzigo kwa wanafunzi wa huku kwetu, na kwamba kilele kimoja kinawatosha. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu wanafunzi wangu wanalichora bonde hilo na kulieleza bila kubabaika. Mtoto hapunguziwi kemia kwa sababu ya mahali anapoishi.

Sasa tuchore. Bila kichocheo, nishati ya uamilisho, yaani kimo cha kupanda kutoka usawa wa vitendanishi hadi kileleni, ni takribani kilojuli 75 kwa moli. Kukiwa na iodaidi, hushuka hadi takribani 56. Kimo hicho hupimwa kuanzia usawa wa vitendanishi, kamwe si kuanzia sifuri ya mhimili. Kwa kuwa hatua ya kwanza ndiyo ya polepole, kilele cha kwanza ndicho kirefu, na 56 hiyo ni yake. Cha pili kiwe kifupi. Swali lisipotaja kina cha bonde, hakikisha tu kwamba liko chini ya vilele vyote viwili na juu ya mazao.

Mistari yote miwili ianzie mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kasulu alipopotea. Kuvunjika kwa moli mbili za peroksaidi hutoa takribani kilojuli 196, kichocheo kiwepo kisiwepo, kwa sababu vitendanishi ni vilevile na mazao ni yaleyale. Ukitia na sabuni, chupa yenye iodaidi hupata moto mkononi na povu la sabuni hufurika likiwa na rangi ya kahawia hafifu ya iodini, na wengi hudhani kwamba joto limeongezeka. Jumla ya joto ni ileile; limetoka lote kwa mkupuo badala ya kuvuja kwa muda mrefu. Kasi ndiyo inayobadilika: tofauti ya kilojuli 19 kati ya 75 na 56, katika nyuzijoto 25 na mengine yakibaki sawa, inatosha kuongeza kasi zaidi ya mara 2,000.

Ukitaka kuukagua mchoro wako, pima kimo kuanzia upande wa mazao. Bila kichocheo utapata 75 jumlisha 196, yaani 271. Pamoja nacho, 56 jumlisha 196, yaani 252. Tofauti ni 19 tena. Kwa kuwa kizuizi kimepungua kwa kiasi kilekile pande zote mbili, kichocheo hakiwezi kusogeza msawazo wa mmenyuko wowote. Ukipata tofauti nyingine, rudi kwenye ncha za mistari yako, kwani mmojawapo umeishia pasipo pake.