Rejista ya Mitungi ya Kuzimia Moto: Usichanganye Tarehe ya Ukaguzi na ya Huduma

Katika jengo la ofisi ninalolisimamia jijini Dar es Salaam, nilikuta rejista ya mitungi ya kuzimia moto ikiwa na safu moja tu ya "ukaguzi ujao", na safu hiyo ndiyo iliyokuwa ikificha tatizo. Kila mwezi mlinzi alipopita kuangalia pini, sili na mshale wa geji, tarehe ilisogezwa mbele mwezi mmoja, hivyo hata mtungi ambao fundi hakuugusa kwa zaidi ya mwaka uliendelea kuonekana hauna deni. Ushauri wangu ni kuweka safu mbili: moja ya kuangaliwa kila mwezi na nyingine ya huduma ya fundi ya kila mwaka. Kwenye Excel, tarehe ya huduma ya mwisho ikiwa kwenye seli E2, huduma inayofuata hupatikana hivi:

```
=EDATE(E2,12)
```

Ikitokea namba ya tarakimu tano, ipe seli hiyo muundo wa tarehe.

Kila mstari wa rejista uwe wa mtungi wenyewe, ukitambulishwa kwa namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Mafundi wanapoichukua mitungi kwenda karakana huacha ya akiba, na si ajabu uliotoka ghorofa ya pili ukarudishwa ya nne. Bila namba hiyo, historia ya mtungi mmoja huandikiwa mwingine. Mahali nako pasiandikwe "koridoni" tu, bali "ghorofa ya 2, kushoto kwa mlango wa ngazi".

Safu ya aina ndiyo inayoamua namna ya kukagua. Mtungi wa unga mkavu wenye geji husomwa kwa mshale, ambao unatakiwa uwe kwenye eneo la kijani. Mtungi wa hewa ya ukaa, ambao kwa kawaida huwekwa karibu na kompyuta na swichi za umeme, hauna geji kabisa, kwa hiyo anayeandika "geji iko sawa" kwenye mstari wake hakuukagua. Huo hupimwa kwa mizani. Tuchukue mtungi wa kilo 5 za gesi ambao lebo yake inaonyesha uzito wa jumla wa kilo 15.2. Kikomo kinachotumika sana ni kupotea kwa asilimia 10 ya gesi, yaani kilo 0.5, si asilimia 10 ya uzito wote, kosa ambalo lingeruhusu kupotea kwa kilo 1.5. Mizani ikisoma 14.5, gesi iliyopotea ni kilo 0.7, na mtungi unapaswa kuondolewa, hata kama huduma yake ijayo bado ina miezi minane. Kabla ya kupima, soma lebo uone kama uzito huo unahesabu mpira na honi yake. Kisha andika uzito uliousoma, si alama ya vema, ili mwezi ujao uonekane kama unashuka, na namba ya mtungi wa akiba uliowekwa mahali pale iingizwe siku hiyohiyo.