Hasara imegoma na picha zina ukungu: je, nipunguze kiasi cha kuficha?

Swali: Habari mtaalamu. Nafundisha modeli ya ViT kwa picha zangu zisizo na lebo. Naficha asilimia 75 ya vipande, nayo inakisia vilivyofichwa, na nimewasha `norm_pix_loss`. Hasara ilianza karibu na 1, ikashuka hadi 0.47, sasa haisogei. Picha zinazorudi zina ukungu, na cha ajabu zaidi, vipande ambavyo sikuvificha ndivyo vinavyotoka vibaya kabisa. Nishuke hadi asilimia 15 kama wanavyofanya kwenye maandishi?

Jibu: Usishuke. Kwa dalili ulizozitaja modeli yako inajifunza, na kila dalili ina chanzo chake kinachoeleweka.

Nianze na kiasi cha kuficha, maana ndicho kinachobeba njia nzima. Picha ya pikseli 224 kwa 224 ikikatwa vipande vya 16 kwa 16 inatoa vipande 196. Chukua kimoja cha katikati kilichofichwa, utazame majirani zake wanne: wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Ukificha asilimia 15 kwa bahati nasibu, uwezekano wa majirani wote wanne kubaki wazi ni 0.85 kwa kipeo cha nne, yaani takriban 0.52. Kwa hiyo nusu ya vipande vilivyofichwa vimezungukwa na majibu pande zote. Modeli inarefusha rangi na mistari kutoka pembeni mpaka ikutane katikati, na kazi imekwisha. Haikuhitaji kujua kama ile ni bawa la ndege au ukingo wa meza.

Ukificha asilimia 75, uwezekano huo unaanguka hadi 0.004 hivi, na karibu theluthi moja ya vipande vilivyofichwa havina hata jirani mmoja aliye wazi. Hapo kurefusha mistari hakusaidii tena. Ili ikisie vizuri, lazima modeli ikusanye habari kutoka vipande vya mbali na kutambua kitu kilichomo pichani kina umbo gani. Ujuzi huo ndio unaoutafuta. Kwenye maandishi mambo ni tofauti: neno moja hubeba maana nzito ambayo maneno ya jirani hayairudii, ndiyo maana modeli ya lugha ya BERT ilitosheka na asilimia 15. Pikseli za jirani zinarudiana karibu kila kitu. Kaiming He na wenzake walipoieleza njia hii mwaka 2021, walikuta kwamba kuanzia asilimia 40 hadi 80 modeli hufanya vizuri ikishanolewa kwa lebo, na wakachagua 75.

Kuna na suala la gharama. Kisimbaji, ile sehemu inayosoma picha, hupokea vipande vilivyo wazi tu, na tokeni za kuficha huingizwa baadaye, kwenye kisimbuzi, sehemu inayokisia vilivyofichwa. Kwa asilimia 75 kisimbaji kinaona vipande 49. Kwa kuwa kila kipande hulinganishwa na kila kingine, unapata ulinganisho 2,401 badala ya 38,416 wa picha nzima, sehemu moja ya kumi na sita. Ukishuka hadi 15 unaipoteza karibu nafuu hiyo yote, na kazi unayoifundisha inakuwa rahisi mno.

Sasa vile vipande vya wazi vinavyotoka vibaya. Hasara huhesabiwa kwenye vipande vilivyofichwa peke yake. Kisimbuzi kinatoa jibu kwa vipande vyote 196, lakini kwa vile 49 hakuna anayekisahihisha, kwa hiyo kinaweza kutoa chochote. Hilo si kosa. He na wenzake walijaribu kuhesabu hasara kwa pikseli zote na usahihi wa mwisho ukapungua kwa nusu asilimia hivi. Wewe unapochora, weka vipande halisi mahali pake. Halafu kumbuka kwamba ukiwa na `norm_pix_loss` modeli hukisia pikseli zilizosawazishwa ndani ya kila kipande, hivyo ni lazima urudishe wastani na mtawanyiko wake kabla ya kuitazama:

```python
m = lengo.mean(dim=-1, keepdim=True)
v = lengo.var(dim=-1, keepdim=True)
f = mask.unsqueeze(-1)        # 1 = kimefichwa
picha = kisio * (v + 1e-6) ** 0.5 + m
picha = picha * f + lengo * (1 - f)
```

Hapa `lengo` ni pikseli halisi zilizokatwa vipande, kabla ya kusawazishwa.

Ukungu utabaki hata baada ya hapo, na unatokana na hasara yenyewe, ambayo ni wastani wa mraba wa tofauti. Tuseme kipande kilichofichwa kimepitiwa na ukingo wa nguzo, na kwa yanayoonekana ukingo huo unaweza kuwa kwenye pikseli ya 5, ya 8 au ya 11. Modeli ikichagua moja kwa ukali na kukosea, inaadhibiwa sana. Jibu lenye adhabu ndogo kuliko yote ni wastani wa picha zote tatu, na wastani huo ni mstari uliofifia. Modeli imejua kuna nguzo na imejua upande iliposimama. Isichoweza kujua ni pikseli kamili. Mimi sijali ukungu huo hata kidogo, kwa sababu mafunzo ya awali yakiisha kisimbuzi kinatupwa.

Hiyo 0.47 nayo inasomeka. Kila kipande kimesawazishwa kiwe na mtawanyiko wa 1, kwa hiyo modeli inayojibu sifuri kila mahali hupata hasara ya karibu 1. Wewe umeshaeleza zaidi ya nusu ya tofauti zilizomo ndani ya vipande. Hasara ingeganda karibu na 1, ningekwambia ukague mpangilio wa vipande, hasa kama `ids_restore` inatumika kabla ya kuongeza alama za mahali kwenye kisimbuzi. Na usitegemee kufika sifuri. Kipande cha anga tupu kina chembechembe hafifu za kamera tu, lakini kikisawazishwa chembechembe hizo hukuzwa zionekane kama mchoro kamili, na hakuna modeli inayoweza kuzibashiri. Picha zako zikiwa na mandhari tupu nyingi, sakafu ya hasara itakuwa juu.

Kipimo cha haki ni kunoa kisimbaji chote kwa lebo chache ulizonazo, halafu ulinganishe na modeli ileile iliyoanza bila mafunzo ya awali. Usiishie kukigandisha kisimbaji na kufundisha tabaka moja la mstari juu yake. Katika majaribio ya He na wenzake kwenye ImageNet, ViT-Large ilipata usahihi wa asilimia 73.5 kwa njia ya kugandisha, na 84.9 iliponolewa yote. Ukiangalia namba ya kwanza peke yake utadhani umeshindwa.

Kuna hali moja ambayo ningegusa kiasi cha kuficha: ikiwa kitu unachokitafuta ni kidogo kuliko kipande kimoja, kama doa dogo kwenye picha ya hadubini. Kitu hicho kikifichwa hakiachi alama yoyote kwingine, na modeli itazoea kujaza mahali pake kwa mandhari ya kawaida. Hata hapo ningeanza kwa kupunguza ukubwa wa kipande, toka 16 hadi 8, ili doa liguse vipande kadhaa. Gharama itapanda, maana vipande vitakuwa 784 na kisimbaji kitaona 196. Hilo lisipotosha, ndipo ningejaribu kuficha asilimia 60.